Skrini inawaka, karatasi haiwaki

Barua ya mpiga picha mmoja wa harusi kwa maabara inayomchapia imenifurahisha, kwa sababu haidai fidia bali inaeleza chanzo. Picha zilitoka na giza: koti jeusi la bwana harusi limezama kwenye kivuli, vifungo havionekani, ingawa kwenye kompyuta kila mshono ulikuwa wazi. Wengi wangelaumu mashine. Yeye alifungua faili lile lile, akatazama grafu ya mwanga na kukuta mlima wote umeegemea kushoto, upande wa weusi. Faili lenyewe lilikuwa na giza, na maabara ilichapa ilichopewa. Skrini nyingi hutoka dukani zikiwaka kandela 250 au zaidi kwa kila mita ya mraba, wakati kwa kazi ya kuchapa hushauriwa kati ya 80 na 120. Karatasi haina taa ndani yake. Hurudisha tu mwanga unaoiangukia. Kwa hiyo anayehariri kwenye skrini kali, hasa chumba kikiwa na giza, huipunguzia picha mwanga bila kujua. Pendekezo lake naliunga mkono: shika karatasi nyeupe kando ya skrini, chini ya taa utakayotazamia picha, fungua ukurasa mtupu, punguza mwangaza mpaka weupe ulingane, kisha chapa kipande kidogo cha majaribio. Naziomba maabara zitoe kipande hicho kwa bei nafuu kabla ya kuchapa albamu nzima.