Orodha ya Usalama Si Ufupisho

Kila mmoja wetu aliyesoma Kiswahili hadi chuo amefanya zoezi la ufupisho mara zisizohesabika. Unapewa kifungu kirefu, unaambiwa ukifupishe kwa maneno themanini, usiache hoja muhimu, usirudie. Ukikusanya hoja zote katika aya moja unapata alama zako. Zoezi hili nililipenda, na nilikuwa nikilifaulu. Ndiyo sababu nililipeleka kiwandani bila kusita, na leo nataka kulipinga mbele ya wenzangu na wahadhiri walionifundisha.

Nilikuwa katika mafunzo ya vitendo kwenye kiwanda kimoja cha kusaga nafaka mjini Jinja. Afisa usalama alikuwa na mafunzo yake katika kompyuta, slaidi 64 za Kiingereza, ambazo wafanyakazi walionyeshwa mara moja kwa mwaka wakiwa wamechoka. Wafanyakazi wenyewe walikuwa mchanganyiko: wa Kisoga, Kiganda, Kigisu, Kijaluo na lugha nyingine, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kikisikika zaidi kwenye mashine. Akaniambia, "Wewe ni mtu wa lugha. Zifupishe hizi ziwe orodha ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mtu aweke alama ya vema, atie sahihi." Sababu yake ilikuwa ya haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe maelekezo na mafunzo, na mkaguzi akija lazima kuwe na kitu cha kumwonyesha.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Slaidi mbili zikawa mstari mmoja, nyingine nne zikawa mstari mmoja, na mwisho nikapata mistari 31. Slaidi nane zilizoeleza namna ya kukata umeme wa mashine kabla ya kuisafisha, pamoja na picha za kufuli na swichi kuu, nilizibana katika mstari wa 14: "Mashine isimame kabla ya kusafishwa." Niliuona ni sentensi safi. Afisa aliusifu.

Karatasi ile ilijazwa kila siku saa moja asubuhi, zamu ilipoanza. Asubuhi moja saa nne umeme ulikatika, jambo ambalo hakuna mkazi wa Jinja atakayelishangaa, ingawa bwawa liko pale pale. Mitambo yote ikanyamaza. Kijana mmoja aliona ni nafasi nzuri ya kutoa unga ulioganda kwenye ile skrubu ndefu inayozunguka ndani ya bomba na kusukuma unga mbele. Akafungua kifuniko, akaingiza mkono. Umeme uliporudi, mwenzake aliye kwenye chumba cha swichi, asiyeweza kuiona skrubu kutoka alipo, akawasha mstari mzima kama ilivyo desturi. Kijana alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Jioni karatasi yake ilitolewa kwenye faili. Ilikuwa na alama 31 za vema na sahihi yake.

Wapo waliosema hakufuata orodha. Nawapinga, kwa kuwa aliifuata neno kwa neno. Mashine ilikuwa imesimama. Hapa ndipo mtu wa lugha anapopaswa kuona haya, maana Kiswahili kilinipa vitenzi vitatu nami nikachagua kile kibaya. Mashine iliyosimama haizunguki tu, na huenda umeme umekatika. Iliyozimwa, kuna mtu amebonyeza kitufe, na mwingine anaweza kubonyeza cha kuwashia. Iliyofungwa, swichi yake kuu imeshushwa na kutiwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Slaidi zile nane zilikuwepo kwa ajili ya kutenganisha hali hizi tatu, na ufupisho wangu ukazirudisha kuwa moja.

Mtu atanijibu: basi ulifupisha vibaya, ungeandika "ifungwe" na yote yangekuwa sawa. Sikubali. Hata neno lingekuwa sahihi, lingesomwa saa moja asubuhi mezani, na hatari ilikuja saa nne kwenye bomba. Ufupisho huuliza: kifungu hiki kinasema nini? Orodha ya usalama inauliza jambo jingine kabisa: mtu anayesimama hapa, dakika hii, mkono ukiwa karibu kuingia, ni kitu gani atakisahau kitakachomuumiza? Swali la kwanza linajibiwa ukiwa na slaidi mbele yako. La pili hulijibu mpaka uende ukasimame pale penye mashine. Mimi sikwenda.

Ushahidi ninaoupenda zaidi haukutoka kiwandani. Ulitoka kwenye chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani liliandaa orodha ya upasuaji salama yenye mambo 19 tu, na kuijaribu katika hospitali nane duniani, moja ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Mambo 19 hayawezi kuwa ufupisho wa elimu ya upasuaji. Yamepangwa katika vituo vitatu ambapo kazi husimama na watu husema kwa sauti: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Kisha mwaka 2014 ukachapishwa utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha kama hiyo iliagizwa itumike kila mahali. Hospitali ziliripoti kwamba karibu kila mara ilitumika. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Watu wamebishana sana juu ya sababu zake, lakini jambo moja liko wazi: kuripoti kwamba orodha imejazwa hakutoshi kumlinda mgonjwa.

Baada ya ajali nilirudi kwenye faili na kupitia karatasi za mwezi mzima, na ninamshauri yeyote mwenye orodha kazini afanye hivyo. Hapakuwa na "hapana" hata moja. Alama zilikuwa za kalamu moja, zimelala upande mmoja, kama mtu aliyezichora zote bila kuinua mkono. Siku ambayo mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umepelekwa kujazwa, mstari wa mtungi ulikuwa na vema. (Nani aliyechagua kuiita alama hii "vema"? Inakusifu kabla hujasema lolote.) Na kosa la mistari hiyo lilikuwa langu. Mistari 11 kati ya 31 ilianza na "Hakikisha". Mtu akihakikisha, hakuna kinachoonekana. Huwezi kumwona akihakikisha, wala huwezi kumwona asipohakikisha. Mingine ilisema "Ninafahamu kwamba", nayo inafaa mahakamani, kumtetea mwajiri.

Muhula uliofuata nilikuwa Mbale, kwenye kinu cha kukoboa kahawa inayoshuka kutoka milima ya Elgon. Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari una kufuli nyekundu yenye jina la mtu mmoja. Hapakuwa na karatasi ya kujaza. Mashine ilipotaka kusafishwa, msimamizi wa zamu, mzee wa makamo, alisimama kando na kipande cha kadibodi kilichoandikwa mistari sita, akasoma mmoja mmoja, na hakuendelea mpaka ajibiwe. Niliinakili:

"Nani wanaingia? Tajeni majina."
"Swichi ya mashine hii ni namba ngapi? Isome."
"Kila mtu aonyeshe ufunguo wake."
"Kahawa iliyo juu imezuiwa na nini?"
"Bonyeza kitufe cha kuwashia. Kimefanya nini?"
"Watu wangapi, kufuli ngapi?"

Angalieni maswali haya, wenzangu. Hakuna hata moja linalojibiwa kwa "ndiyo". Kila jibu ni jina, namba, kitu mkononi au kitu kilichotokea. Swali la pili lipo kwa sababu swichi zimepangana na zinafanana, na mtu hufunga ya jirani akiwa na uhakika kabisa. La nne lipo kwa sababu mzigo ulioning'inia juu huanguka bila kuhitaji umeme. La tano ndilo linalogundua kosa la la pili: ukijaribu kuwasha na mashine ikanguruma, umefunga swichi isiyo yake, na umejua ukiwa bado na vidole kumi. La sita lipo kwa sababu watu watatu hawalindwi na kufuli moja. Anayemaliza kwanza hutoa kufuli yake tu, na mashine hubaki imefungwa mpaka wa mwisho atoe ya kwake.

Kadibodi ile haina neno juu ya kofia, vumbi, moto au kunawa mikono. Mwanafunzi wa ufupisho ataona imeacha hoja muhimu. Imeziacha kweli, na ilipaswa kuziacha, kwa sababu hakuna anayezihitaji dakika ile. Mambo hayo yana mahali pake katika mafunzo, na mafunzo yasifutwe kwa kisingizio cha orodha: aliyeajiriwa jana akisomewa maswali sita hatajua swichi ni ipi wala kwa nini kahawa ya juu izuiwe. Nakiri pia kwamba kadibodi haiwezi kila kitu. Kufuli hugharimu fedha, na meneja mwenye haraka anaweza kutafuta ufunguo wa akiba. Lakini akifanya hivyo, kila mtu ataona kufuli imekosekana. Kwenye karatasi yangu hakuna ambacho kingekosekana.

Siku yangu ya kwanza pale nilisogea niangalie kwa karibu. Mzee alisoma swali la tatu, wote wakainua funguo, akanitazama. "Yako iko wapi, mwanangu?" Nikamwambia sina, mimi ni mwanafunzi tu, naangalia. Akashusha kadibodi na kazi yote ikasimama, watu wanne wakinitazama, hadi nilipokwenda kusimama nyuma ya mstari wa njano.

Mistari hiyo sita niliibadilisha ifae skrubu ya unga, nikampelekea yule afisa wa Jinja. Alinishukuru. Nilipopita pale mara ya mwisho kuchukua barua yangu ya mafunzo, rundo jipya la karatasi lilikuwa limetoka kuchapishwa, bado lina joto. Nilihesabu mistari 32. Wa 14 ulikuwa vile vile, na mpya, wa mwisho, ulisema: "Hakikisha umesoma mstari wa 14."