Ujumbe mia unaofanana haumpatii kijana mteja

Mjini Lubumbashi, kijana anayechora mabango kwa kompyuta huandika: « Jambo, ninafanya kazi zote za grafiki kwa bei nafuu », kisha anautuma kwa watu mia moja. Akikosa jibu, anasema watu hawana pesa. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye ujumbe wenyewe: unamzungumzia aliyeutuma, haumgusi anayeupokea. Tena, akiutuma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, unawafikia tu wale waliohifadhi namba yake. Wateja wapya hawauoni kabisa.

Mfano mzuri ni shule za binafsi. Masomo huanza Septemba, kwa hiyo bango la kuandikisha wanafunzi linahitajika kabla ya hapo. Kijana anayeandika Septemba amechelewa. Anayepita mbele ya shule mwishoni mwa Juni na kuona bango lililofifia, huyo amepata la kusema:

« Jambo Papa Prefe. Mimi ni (jina), ninachora mabango, ninaishi nyuma ya soko. Jana nilipita kwenye shule yenu, namba ya simu kwenye bango haisomeki tena. Ninaweza kuwachorea bango jipya kwa siku tatu, dola 20, bila kuhesabu uchapaji. Nilete mfano kesho ao Alhamisi? »

Jina na mtaa vinapunguza hofu ya matapeli. Habari ya bango inaonyesha kwamba ujumbe haukunakiliwa. Bei na siku zinamwezesha Prefe kuamua, na swali la mwisho linajibiwa kwa neno moja. Sauti ya dakika tatu au faili nzito havifai: mtu hatumii mega zake kumsikiliza asiyemjua.

Kabla ya kukumbusha, atazame alama. Ikiwa ni moja tu, ujumbe haujafika. Afadhali apige simu au aende mwenyewe. Zikiwa mbili, umefika, hata kama hazijageuka buluu, kwa sababu wengine huzima alama hiyo. Hapo asubiri siku tatu za kazi.

Ujumbe wa pili usiulize « Mumeona ujumbe wangu? », maana unasikika kama kudai deni. Ulete kitu kipya: mchoro mdogo wenye jina la shule, na jina la mchoraji likipita katikati ili usichapwe bila yeye kulipwa. Baada ya wiki moja, akumbushe mara ya mwisho, kisha anyamaze hadi msimu mwingine. Anayesumbua huripotiwa, na WhatsApp inaweza kuifunga namba yake.

Njia hii inataka kutembea mtaani na macho wazi, na kwa wiki haitazaa zaidi ya ujumbe kumi. Lakini kila mmoja wa hao kumi atajua kwamba ameandikiwa yeye.