Uwiano wa LF/HF si mizani ya msongo

Wapo wagonjwa wanaofika kliniki ya moyo wakiwa na karatasi waliyopewa mahali pengine, baada ya kubanwa kidole kwa kifaa kidogo kwa muda wa dakika 5. Juu ya karatasi hiyo huwa mna mchoro wa mizani, na chini ya mizani imeandikwa namba moja iliyopewa jina la LF/HF. Namba ikiwa kubwa, mgonjwa huambiwa kwamba mwili wake umeelemewa na msongo. Ikiwa karibu na moja, huambiwa kwamba neva zake zimesawazika. Mara nyingi karatasi huambatana na chupa ya virutubisho. Nionavyo mimi, namba hiyo haina uwezo wa kubeba maana inayotwishwa, na sisi wahudumu wa afya hatupaswi kuisoma kwa namna hiyo, hata pale inapotolewa na mashine ya hospitali.

Kwanza tuelewe kinachopimwa. Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Kipindi kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika kidogo: milisekunde 960, kisha 1,010, kisha 980. Mabadiliko hayo yana mawimbi ndani yake, na hesabu maalumu huweza kuyatenganisha kadiri ya mwendo wake. Mawimbi ya polepole, ambayo moja huchukua takriban sekunde 7 hadi 25 kukamilika, huitwa ya masafa ya chini, ndiyo LF. Yale ya haraka, yenye kukamilika kwa sekunde 2.5 hadi 7 hivi, huitwa ya masafa ya juu, ndiyo HF. Nguvu ya kundi la kwanza ikigawanywa kwa nguvu ya kundi la pili, hupatikana uwiano tunaouzungumzia.

Dai la mizani lilizaliwa katika maabara za wanasayansi makini. Mwaka 1981 Akselrod na wenzake, wakichunguza mbwa, walionyesha kwamba mawimbi ya haraka hutegemea tawi la parasimpathetiki, yaani neva ya vagasi inayoupunguza moyo kasi, ilhali yale ya polepole hutegemea matawi yote mawili. Mwaka 1986 Pagani, Malliani na wenzao nchini Italia waliwainua watu kwa kitanda kinachoinama, wakaona sehemu ya LF ikipanda na ya HF ikishuka. Kwa kuwa kusimama huamsha tawi la simpathetiki, lile la kupambana au kukimbia, wakapendekeza kwamba uwiano huo unaonyesha mizani kati ya matawi mawili. Pendekezo lilikuwa zuri mno kwa wepesi wake, na nadhani wepesi huo ndio uliolieneza. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1996 wenyewe ulikiri kwamba maana ya LF ina ubishi, lakini onyo hilo halikusafiri mbali kama ile namba.

Kasoro ya kwanza imo katika LF. Ingekuwa kipimo cha simpathetiki, ingepanda kila tawi hilo linapoamka. Haifanyi hivyo. Mtu akifanya mazoezi makali, simpathetiki hufanya kazi kwa nguvu, nayo LF hushuka. Katika moyo ulioshindwa vibaya, noradrenalini hujaa katika damu, ilhali LF huweza kukaribia kutoweka. Tena mtu aliyelala akipewa atropini, dawa inayoziba njia ya vagasi, sehemu kubwa ya LF huondoka pamoja na HF. Eckberg aliyakosoa haya kwa kina mwaka 1997, Goldstein na wenzake wakaeleza mwaka 2011 kwamba LF huenda ikawa kielelezo cha jinsi mwili unavyorekebisha shinikizo la damu kupitia vihisio vilivyomo katika kuta za mishipa, na Billman akarudi kwenye suala hilo mwaka 2013. Watetezi wa uwiano husema, na ni kweli, kwamba mtu akisimama uwiano hupanda. Lakini hupanda hata kwa vagasi kujiondoa tu: kigawanyo kikipungua, jibu huongezeka bila kitu kingine kusogea.

Kasoro ya pili ni ya pumzi, nayo yeyote anaweza kuihakiki. HF kwa kiasi kikubwa ni mwangwi wa upumuaji: tukivuta hewa moyo huongeza kasi kidogo, tukiitoa hupunguza. Mtu anayepumua mara 12 kwa dakika hutumia sekunde 5 kwa kila pumzi, kwa hiyo wimbi lake huangukia HF. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyekaa kitini akipumua hivyo. LF yake ni 450 na HF ni 600, kwa hiyo uwiano ni 0.75. Sasa anaombwa atulie, afumbe macho na kupumua taratibu mara 6 kwa dakika. Kila pumzi imekuwa ya sekunde 10, na wimbi lilelile la vagasi limehamia kwenye eneo la LF. LF inakuwa 2,400, HF inabaki 150, na uwiano unafika 16. Karatasi itamtangaza kuwa mtu aliyeelemewa. Ana haki ya kuuliza, “Daktari, mbona ndipo nilipokuwa nimetulia zaidi?” Hakuna kilichobadilika isipokuwa mwendo wa pumzi. Kipimo kisichoandika mgonjwa alipumua mara ngapi kwa dakika hakiwezi kutenganisha utulivu na taharuki.

Kasoro ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu hapa namba haimtishi mgonjwa bali humtuliza isivyostahili. Uwiano huficha ukubwa wa vile vilivyogawanywa. Kijana mwenye LF 720 na HF 600 ana uwiano wa 1.2. Mama aliyeishi na kisukari miaka mingi, ambaye neva za moyo wake zimeharibika, anaweza kuwa na LF 30 na HF 25, na uwiano wake ni 1.2 vilevile. Mashine itachora mizani iliyonyooka kwa wote wawili. Huyo mama huenda huona kizunguzungu akisimama, moyo wake hupiga kwa kasi isiyobadilika hata akilala, na anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua.

Kwake yeye kuna njia za kale zisizohitaji mizani yoyote. Mpime shinikizo la damu akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Likishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi kwa namba ya juu, au 10 kwa namba ya chini, lipo tatizo la kufuatiliwa. Mwombe apumue kwa kina mara 6 katika dakika moja huku mashine ya umeme wa moyo ikirekodi, uone tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini kabisa. Tofauti ya mapigo 15 au zaidi kwa dakika ni ya kawaida. Ikiwa 10 au pungufu, shuku neva, ukikumbuka kwamba uzee nao hupunguza tofauti hiyo.

Na mgonjwa akikuwekea ile karatasi mezani, muulize alipumuaje siku hiyo, anatumia dawa gani, na kama mapigo yake huruka, maana pigo moja lililowahi huvuruga hesabu nzima. Kisha mwulize analalaje na nini kinamsumbua. Msongo wake huenda ukawa wa kweli kabisa, atausimulia mwenyewe.