Usiguze "Sawa" Kabla Hujaangalia Salio

Sema uko dukani Kanamkemer, mikono imejaa unga. Saa janja inatetemeka. Mteja ameandika: "Nimetuma 1,500. Umeona?" Chini yake saa imekuwekea jibu tayari: "Sawa". Unaguza mara moja, unaendelea kupima unga. Pesa haijaingia, lakini mteja ana maandishi yako yanayosema mambo ni sawa.

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo hatari ya kujibu kwa saa. Kabla hujajibu, jiulize ujumbe wako umebeba nini.

Kama haubebi pesa wala ahadi, jibu la haraka linatosha. "Nakuja" au "Nitakupigia" hazimuumizi mtu. Tena si lazima utumie majibu yaliyokuja na saa. Saa nyingi zinakuruhusu kuyabadilisha ukifungua programu yake kwenye simu. Ondoa "Sawa", weka "Naangalia kwenye simu, nitakujibu". Hapo mteja anajua umemsikia, na wewe hujakubali chochote.

Ukiwa na maelezo marefu, ongea saa iandike. Ni haraka, ila saa nyingi hutegemea intaneti ya simu kufanya kazi hiyo, kwa hivyo mtandao ukiyumba utabaki ukiongea peke yako. Upepo na bodaboda pia huvuruga maneno. Majina ya kwetu ndiyo huteseka zaidi. Ukisema mzigo uende Lokichar na saa iandike Lokichoggio, dereva atatoka Lodwar kuelekea upande wa Kakuma badala ya kwenda kusini. Soma kwanza, ndipo utume. Na hata kama duka ni tupu, usitamke namba yako ya siri.

Kibodi ndogo watu huichukia, na kweli kuandika barua humo ni adhabu. Lakini kwa tarakimu nne au tano hakuna kinachoishinda. Ukitamka "fifteen", saa inaweza kusikia "fifty", na bei ya 15 ikawa 50. Kwenye kibodi unaguza 1, unaguza 5, unaona ulichoandika. Kwa hivyo changanya: ongea maneno, kisha fungua sehemu ya namba uandike kiasi kwa kidole.

Turudi kwa yule mteja wa 1,500. Guza "Naangalia kwenye simu, nitakujibu". Pangusa mikono, toa simu, angalia salio lenyewe, si meseji aliyokutumia mteja, kwa sababu meseji ya malipo inaweza kughushiwa. Ukiona pesa imeingia, mjibu: "Nimepata 1,500."

Saa yako haina kibodi wala maikrofoni, ina majibu ya haraka peke yake? Basi iache ikuambie tu kwamba ujumbe umefika. Mambo ya pesa, jibu kwa simu.