Si Kila Kilio cha Usiku ni Meno

Mtoto aliyezoea kulala vizuri akianza ghafla kuamka usiku akilia, hakosekani mtu wa kutoa jibu. Madai manne husikika sana, na yote huweza kumcheleweshea tiba mtoto mwenye maambukizi ya sikio. Tuyapime kwa mfano wa mtoto wa miezi 9, mwenye kilo 8. Jumatatu alianza mafua. Alhamisi usiku anaamka kila mara akipiga mayowe. Akibebwa wima begani hutulia, akilazwa huanza upya. Ziwa hulipokea kwa pupa, akavuta mara chache, kisha huliachia akalia.

Dai la kwanza: "Ni meno hayo."

Meno huleta udenda, fizi kuwasha na pengine joto kupanda kidogo. Hayaleti homa kali. Umri wa kuota meno ndio huohuo ambao masikio huugua sana, hivyo mambo mawili hukutana na jino likabeba lawama. Angalia mfuatano: mafua yalitangulia, usiku ukaharibika siku chache baadaye. Mrija unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua ni mfupi kwa mtoto mdogo, tena umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Mafua yakiuvimbisha huziba, majimaji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na vijidudu huzaliana humo. Mtoto akilazwa, shinikizo hupanda. Akinyonya na kumeza, hubadilika ghafla. Ndiyo maana analia kitandani na penye ziwa, lakini mchana akiwa wima huweza hata kucheza.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema ni "meno ya plastiki", mtoto akachanjwa fizi. Ugonjwa huo haupo. Kinachokatwa ni chipukizi la jino halisi, na kidonda hicho huweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi mapya.

Dai la pili: "Hashiki sikio, kwa hiyo si sikio."

Mtoto wa umri huu hajui kuonyesha panapouma. Wengi wenye sikio bovu hawalishiki, na wengi wenye masikio mazima huyavuta wakisinzia. Hata homa inaweza isiwepo. Anayeweza kuthibitisha ni mhudumu wa afya anayetazama ndani kwa kifaa chenye taa, akaiona ngoma imevimba na kusukumwa nje. Wekundu peke yake hautoshi, kwa sababu kulia pia huifanya ngoma iwe nyekundu.

Dai la tatu: "Usaha umetoka na amelala, basi amepona."

Amelala kwa sababu ngoma imetoboka na shinikizo limeshuka. Mara nyingi tundu hilo huziba lenyewe, lakini maambukizi bado yamo. Katika mwongozo wa tiba ya watoto unaotumika kwenye zahanati, usaha wa chini ya siku 14 huhesabiwa kuwa ugonjwa mpya, na kwa kawaida hutibiwa kwa amoksilini ya kunywa kwa siku 5. Ukifika siku 14 au zaidi, ni ugonjwa sugu unaotaka dawa ya matone, na usikivu wa mtoto huwa hatarini. Sikio hukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa kama utambi, kikibadilishwa kila kinapolowa hadi kitoke kikavu. Mhudumu akuonyeshe namna ya kufanya.

Dai la nne: "Mtie mafuta ya nazi au maziwa ya mama sikioni."

Ngoma ikiwa nzima, mafuta hayafiki palipo na ugonjwa. Ikiwa imetoboka, yanapeleka uchafu ndani. Kinachopunguza maumivu usiku huo ni parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Huyu wa kilo 8 atahitaji miligramu 120, yaani mililita 5 ikiwa chupa imeandikwa 120 mg/5 ml. Soma chupa kwanza, maana nguvu hutofautiana. Unaweza kurudia baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Usimpe antibiotiki iliyobaki nyumbani. Mbebe wima, ila usimwekee mto kitandani, kwani huweza kumziba pumzi.

Asubuhi mpeleke zahanati hata kama ametulia. Usingoje asubuhi ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio likisukumwa mbele, au akipata degedege, akilegea, au akishindwa kabisa kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye aende hospitali usiku huohuo, bila kupewa dawa ya nyumbani kwanza.