Chimba shimo kabla ya kulipia shamba la bondeni

Umeonyeshwa ekari bondeni mwezi wa Januari. Nyasi zimekauka, gari linaingia hadi katikati, na bei ni poa. Unapanga nyanya. Subiri kidogo: huenda hilo ni eneo chepechepe la msimu, na kiangazi kimelificha tu.

Azima jembe uchimbe shimo la nusu mita, kisha uangalie rangi. Wekundu na ukahawia wa udongo hutokana na madini ya chuma. Maji yakikaa muda mrefu, hewa haiingii. Vijidudu humaliza oksijeni iliyomo, halafu vinageukia hicho chuma na kukifanya kiyeyuke. Kikishasogea, udongo unabaki wa kijivu. Maji yakishuka, hewa hupenya kupitia njia za mizizi na kuacha madoa ya kutu. Kwa hivyo ukikuta kijivu chenye kutu sentimita 20 tu chini, jua mizizi ya nyanya zako itakosa hewa papo hapo.

Lakini rangi pekee inaweza kukudanganya. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi, kama ule wa Kitengela, ni mweusi hata pasipo na kinamasi, na weusi huo unaweza kuficha madoa. Pia, bonde lililokaushwa miaka mingi iliyopita huendelea kuonyesha kutu ya zamani. Kutu inayozunguka mizizi iliyo hai ndiyo dalili kwamba maji bado yanarudi.

Ndiyo maana unapaswa kurudi mvua ndefu ikinyesha. Simika bomba la plastiki lenye matundu kwenye shimo la sentimita 60, ulifunike juu, na upime kila baada ya siku mbili au tatu umbali kutoka usawa wa ardhi hadi maji. Usitoboe tabaka gumu la mfinyanzi: maji yaliyokaa juu yake yatavuja chini, nawe udhani pako sawa.

Tuseme mwanzoni mwa Aprili bomba ni kavu. Katikati ya mwezi maji yako sentimita 28, kisha 19, kisha 22, na hayashuki chini ya 30 kwa wiki mbili mfululizo. Kama mvua ni ya kawaida na udongo una kijivu chenye kutu, jibu umelipata: hilo ni eneo chepechepe. Mwaka wa mafuriko au wa ukame, pima tena msimu ujao.

Mwenye shamba atakwambia, "Chimba tu mtaro." Kataa. Maji hayo huenda ndiyo hulisha visima na vijito vya jirani mvua ikiisha. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kukausha ardhioevu bila idhini. Kama mwenye shamba hataki uchimbe shimo moja, usimpe hata shilingi ya kodi.