Masisi na Walikale: salamu ndefu zinafukuza watazamaji

Video nyingi fupi zinazotoka Masisi na Walikale zina habari nzito ndani yake, lakini mtazamaji haifikii. Anakutana kwanza na nembo inayozunguka, muziki, kisha mwandishi anayesema: "Wapenzi watazamaji, hamjambo popote mlipo." Mtu aliyeko Goma, mwenye mega chache kwenye telefone, tayari ameshapita kwenye video nyingine.

Dawa yake si kurudi tena barabarani kupiga picha mpya. Mara nyingi mwanzo mzuri umo ndani ya video ileile, ila umewekwa katikati.

Chukua mfano wa video ya sekunde 58 juu ya malori yaliyokwama kwenye matope kati ya Sake na Masisi. Sekunde 6 za kwanza ni nembo. Sekunde 8 zinazofuata ni salamu. Kisha malori yanaonekana kwa mbali. Ni kwenye sekunde ya 31 tu ndipo dereva anasema: "Tumelala hapa siku mbili, maziwa yote imeharibika." Maneno hayo ya sekunde 4 ndiyo habari yenyewe.

Mtengenezaji afungue faili la kwanza, si nakala iliyopitia WhatsApp, maana ile imeshapoteza ubora. Kwenye CapCut au programu nyingine ya kukata video, aondoe sekunde 14 za nembo na salamu, akate yale maneno ya dereva na kuyaleta mbele kabisa. Nembo ibaki ndogo kwenye kona. Baada ya dereva, sauti ya mwandishi iendelee juu ya picha za malori. Video sasa ni ya sekunde 44, na hakuna kilichopotea.

Kwa kuwa wengi wanaangalia bila sauti, maneno ya dereva yaandikwe pia kwenye picha, kwa herufi kubwa. Yasiwekwe chini kabisa wala upande wa kuume, kwa sababu kwenye TikTok sehemu hizo zinafunikwa na maelezo na alama za kubonyeza.

Lakini huku kwetu sekunde za kwanza zina kazi nyingine kubwa kuliko kumshika mtazamaji: zinapaswa kusema wapi na lini. Waasi wa M23 waliingia Walikale-Centre tarehe 19 Machi 2025, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Video ya siku ile, ikisambazwa wiki 3 baadaye bila tarehe, inaweza kumzuia mama asirudi shambani, au kumpeleka mahali asipopaswa kwenda. Kuandika "Walikale" peke yake pia hakutoshi, kwa sababu ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Iandikwe Walikale-Centre, Mubi au Bisie, pamoja na siku, mwezi na mwaka.

Kuna wanaodhani kwamba mwanzo wenye nguvu ni maiti au damu. Hilo ni kosa. Kuna pia kosa lisiloonekana haraka: kuweka mbele uso wa shahidi. Picha ya kwanza mara nyingi ndiyo inayobaki kama jalada la video, hivyo hata asiyeifungua atauona uso huo. Mahali penye watu wenye silaha, huyo shahidi ndiye atakayelipa. Ni afadhali kuonyesha magurudumu ndani ya matope au bidoni za maziwa. Na kama sauti yake inaweza kumtambulisha, maneno yake yaandikwe tu.

Maneno yaliyoletwa mbele yabaki pia na maana yaleyale. Kama dereva alikuwa anasimulia mambo ya juzi, kuyaweka mwanzoni bila kueleza hivyo ni uongo, hata kama kila neno ni lake.

Baada ya siku 2, mstari unaoonyesha watazamaji waliobaki, kama ule wa YouTube Studio, utatoa jibu. Ulinganishwe na wa video ya zamani, ilipokuwa na siku 2 vilevile, kwenye mtandao uleule. Ukibaki juu baada ya sekunde ya 5, mwanzo umefaulu. Ukianguka ghafla mara tu dereva anapomaliza, basi picha zinazofuata hazijibu alichokisema. Na kama watu wanaondoka palepale katikati kama zamani, tatizo halikuwa mwanzo.

Jambo moja halitengenezeki: nakala ya zamani iliyokwisha kuingia kwenye makundi ya WhatsApp haiwezi kurudishwa. Ndiyo sababu tarehe na mahali vinapaswa kuandikwa kabla ya kurusha video mara ya kwanza. Salamu zinaweza kusubiri.